Mgahawa wenye vyakula vinne: uuze sahani ngapi kwa siku ili urudishe gharama

Wenye migahawa midogo hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, wanauliza swali lilelile: niuze sahani ngapi kwa siku ndipo nisile mtaji? Anayeuza kitu kimoja hujibiwa haraka. Atagawa gharama za mwezi kwa kile kinachobaki kwenye kila kimoja, basi. Wewe asubuhi unauza chai na chapati, mchana wali maharage, ugali kwa dagaa na ugali kwa migebuka, na kila chakula kinakuachia kiasi chake. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na wengine wanapata jibu ambalo ni afadhali wasingelipata.

Njia iliyo hapa chini inachukulia kwamba uwiano wa vyakula unavyouza haubadilikibadiliki. Kwa kila sahani kumi, zipo mbili za migebuka, tatu za wali, na kadhalika. Ukishaujua uwiano huo, unapata wastani wa kinachobaki kwa sahani moja, na huo ndio unaotumika kugawa gharama za mwezi. Bei zote humu ni za mfano. Weka zako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Daftari la mauzo la wiki nne mfululizo, lenye idadi ya sahani za kila chakula. Jumla ya pesa peke yake haitoshi. Kama huna, anza leo: kunja karatasi, andika vyakula vinne, na mhudumu apige mstari mmoja kwa kila sahani iliyolipiwa.

Nasisitiza wiki nne kwa sababu ya ziwa. Wavuvi wa migebuka na dagaa huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka samaki hawaifuati taa kama wakati wa giza, kwa hiyo siku hizo mitumbwi mingi hupumzika. Ukiandika mauzo ya wiki mbili za giza tu, daftari litakuambia unauza migebuka mingi kuliko ilivyo kweli. Wiki nne zinabeba giza na mbalamwezi kwa pamoja.

Utahitaji pia risiti au kumbukumbu za manunuzi ya sokoni, orodha ya malipo yako ya mwezi, na kikokotoo cha simu.

Hatua

1. Pata gharama ya sahani kutoka kwenye sufuria.

Hupiki sahani, unapika sufuria. Kwa hiyo anza na sufuria nzima, kisha gawa. Chukua wali maharage wa siku moja: mchele kilo 5 kwa 13,000, maharage kilo 3 kwa 9,000, mafuta, nyanya, vitunguu na chumvi 6,500, mboga za majani 5,000, mkaa 5,500. Jumla ni 39,000.

Sufuria hizo zimetoa sahani 34. Tatu wamekula wafanyakazi, moja imelala. Zilizolipiwa ni 30. Gawa kwa 30, upate 1,300 kwa sahani. Ukigawa kwa 34 utapata kama 1,150, na utajidanganya kwa shilingi 150 kwenye kila sahani ya wali mwezi mzima. Sahani nne hazikuleta hela, lakini mchele wake uliununua.

Fanya hivi kwa siku tatu au nne kwa kila chakula, kisha chukua wastani. Siku moja inaweza kuwa ya bahati.

Onyo: chakula cha wafanyakazi kimeshaingia hapa. Usikiandike tena kwenye gharama za mwezi kule mbele, utakihesabu mara mbili.

2. Toa gharama hiyo kwenye bei.

Kinachobaki tukiite mchango, maana ndicho sahani inachochangia kwenye pango, mishahara na mengineyo. Bado si faida. Faida inaanza baada ya hayo yote kulipwa.

Ugali kwa migebuka: bei 5,000, gharama 3,200, mchango 1,800.
Ugali kwa dagaa: bei 3,000, gharama 1,600, mchango 1,400.
Wali maharage: bei 2,500, gharama 1,300, mchango 1,200.
Chai na chapati: bei 1,000, gharama 550, mchango 450.

Ukikuta chakula chenye mchango wa sifuri au chini yake, simama hapo hapo. Kukiuza kwa wingi hakutakuokoa. Rekebisha bei au kipimo kwanza, ndipo uendelee.

3. Tafuta mgawanyo wa mauzo.

Tuseme daftari la wiki nne, siku 24 za kazi, linaonyesha sahani 1,120: migebuka 230, dagaa 218, wali 341, chai 331. Gawa kila namba kwa 1,120 na utaona migebuka ni kama asilimia 20, dagaa asilimia 20, wali 30, chai 30. Kwa lugha rahisi, katika kila sahani kumi kuna migebuka 2, dagaa 2, wali 3 na chai 3.

Hizi sahani kumi ziite fungu moja, kama fungu la nyanya sokoni: huuziwi nyanya kubwa peke yake, unachukua kubwa na ndogo jinsi zilivyopangwa.

Mgawanyo unatokana na idadi ya sahani. Wengi huuchukua kutoka kwenye pesa, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa, na hapo migebuka hupanda kutoka asilimia 20 hadi karibu 38 kwa sababu bei yake ni kubwa. Hesabu yote inaharibika bila dalili yoyote.

4. Pata wastani wa mchango kwa kuzingatia uzito wa kila chakula.

Zidisha idadi iliyo kwenye fungu kwa mchango wa chakula hicho, kisha jumlisha:

migebuka 2 × 1,800 = 3,600
dagaa 2 × 1,400 = 2,800
wali 3 × 1,200 = 3,600
chai 3 × 450 = 1,350

Fungu moja lina mchango wa 11,350. Gawa kwa sahani kumi: wastani ni 1,135 kwa sahani.

Anayetumia jedwali la kompyuta au la simu, aweke idadi iliyo kwenye fungu kwenye safu ya B na mchango kwenye safu ya C, kisha aandike:

```
=SUMPRODUCT(B2:B5,C2:C5)/SUM(B2:B5)
```

Kosa kubwa kuliko yote liko hapa. Mtu anajumlisha michango minne, 1,800 na 1,400 na 1,200 na 450, anagawa kwa nne, anapata 1,212 na ushee. Wastani huo unaichukulia chai kana kwamba inauzwa sawa na migebuka. Tutaona baadaye kidogo unamgharimu nini.

5. Jumlisha gharama za kudumu za mwezi.

Hizi ni zile utakazolipa hata mvua ikinyesha siku nzima na asiingie mtu. Katika mfano wetu: pango 200,000; mpishi 300,000; wahudumu wawili 400,000; mwenye mgahawa mwenyewe 300,000; umeme na maji 80,000; makadirio ya kodi ya TRA, leseni, taka na upimaji wa afya, vyote vikigawanywa kwa miezi, 150,000; akiba ya kubadilisha sufuria, viti na majiko 70,000. Jumla 1,500,000.

Mshahara wako usiuache. Najua wengi hawauandiki kwa sababu “hela ni yangu tu”. Kama ungeajiriwa kwenye mgahawa wa mwingine ungelipwa, na kama usingekuwepo hapo ungelazimika kumlipa mtu. Ukiuacha nje, utaambiwa umerudisha gharama wakati umefanya kazi mwezi mzima bure.

Mkaa nimeuweka kwenye sufuria kwa sababu siku ya wateja wachache jiko la pili haliwashwi. Kama kwako majiko yote yanawaka kila siku, wateja wawepo wasiwepo, uhamishie hapa. Chagua sehemu moja.

6. Gawa, kisha pandisha juu.

Gharama za kudumu 1,500,000 gawa kwa mchango wa fungu, 11,350. Jibu ni 132.16. Pandisha hadi mafungu 133. Usishushe hata kama sehemu iliyobaki ni ndogo, kwa sababu mafungu 132 hayafikishi gharama.

Mafungu 133 ni sahani 1,330 kwa mwezi.

7. Rudisha kwenye kila chakula, ukague.

Zidisha 133 kwa idadi iliyo kwenye fungu: migebuka 266, dagaa 266, wali 399, chai 399. Sasa kagua kwa michango yenyewe: 478,800 + 372,400 + 478,800 + 179,550 = 1,509,550. Ukitoa 1,500,000 inabaki 9,550, ambayo ni ile ziada ya kupandisha juu. Ukikuta hasi, au ukikuta ziada inayozidi mchango wa fungu moja, kuna mahali umekosea. Mara nyingi ni hatua ya 3.

8. Igeuze iwe namba ya kaunta.

Ukifungua siku 26 kwa mwezi, 1,330 gawa kwa 26 ni 51.15, yaani sahani 52 kwa siku.

Turudi sasa kwenye daftari. Sahani 1,120 kwa siku 24 ni karibu 47 kwa siku. Mgahawa huu haujafika. Mwenye wastani wa kawaida wa 1,212.5 angepata sahani 1,238 kwa mwezi, yaani 48 kwa siku, na angejiona amebakiza sahani moja tu. Ukweli ni kwamba hata akifika hizo 1,238, kwa mgawanyo wake halisi atapata mchango wa 1,405,130 na kupungukiwa 94,870. Hataiona hasara hiyo droo ikiwa tupu. Ataiona kwenye ile laki tatu yake ya mwezi, kwa kuwa ndiyo inayoliwa kimyakimya kuziba pengo.

Lakini sahani 52 nazo si namba ya kutegemea kila jioni. Chukua siku yenye sahani 52 ambapo migebuka ni 5, dagaa 6, wali 13 na chai 28. Mchango wake ni 9,000 + 8,400 + 15,600 + 12,600, yaani 45,600. Mgahawa ulijaa, wahudumu wamechoka, na bado siku haikujilipa.

Kwa hiyo mimi hushauri kaunta iandikwe mchango wa siku badala ya idadi ya sahani. Hapa ni 1,500,000 gawa kwa 26, karibu 57,700. Jioni zidisha sahani za kila chakula kwa mchango wake, jumlisha, linganisha. Ni kazi ya dakika chache, na haijali mgawanyo wa siku hiyo ulikuwaje. Sahani 52 zinakusaidia kupanga: ununue mchele kiasi gani, uajiri wangapi, viti vinatosha au la. Ile 57,700 inakusaidia kujua siku imeendaje.

Samaki akipanda bei

Hesabu hii ina sharti moja: michango na mgawanyo visibadilike. Kigoma sharti hilo huvunjwa na ziwa. Mbali na mbalamwezi, kuna kufungwa kwa uvuvi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho kinataka hesabu yake. Usikichanganye na miezi mingine.

Tuseme migebuka ya sahani moja imepanda kwa 1,000. Mchango unashuka kutoka 1,800 hadi 800. Dagaa tuichukulie haijabadilika, kwa kuwa uliweka gunia la mkavu mapema. Fungu sasa lina 1,600 + 2,800 + 3,600 + 1,350, yaani 9,350. Gawa 1,500,000 upate 160.4, pandisha hadi mafungu 161: sahani 1,610 kwa mwezi, au 62 kwa siku. Ukiacha bei ileile kwa kuogopa kuwaudhi wateja, unajiongezea sahani kumi za kutafuta kila siku.

Ukipandisha bei hadi 6,000, mchango wa migebuka unarudi 1,800, ila baadhi ya wateja watakimbilia wali. Tuseme nusu yao. Fungu linakuwa migebuka 1, dagaa 2, wali 4, chai 3: 1,800 + 2,800 + 4,800 + 1,350, jumla 10,750. Mafungu 140, sahani 1,400, au 54 kwa siku.

Sahani 54 dhidi ya 62. Kupandisha bei kunashinda, mradi anayeacha migebuka abaki mezani kwako na kuagiza wali. Akihamia kwa jirani, haonekani kwenye mgawanyo kabisa, anaonekana kwenye jumla ya sahani. Ndiyo maana baada ya kubadilisha bei unaangalia vyote viwili kwa wiki mbili: mgawanyo umehamia wapi, na jumla imeshuka kiasi gani.

Mambo yakienda kombo

*Hesabu inasema nimevuka, droo haina kitu.* Angalia kwanza mikopo ya wateja. Sahani aliyokula mtu wa “nitakulipa mwisho wa mwezi” imo kwenye daftari, haimo kwenye droo. Kisha angalia kama umenunua akiba kubwa, mfano dagaa la miezi miwili: hela haijapotea, imekaa kwenye gunia. Ukimaliza hayo mawili na bado pana pengo, rudia hatua ya 1 ukiwa umesimama jikoni wakati wa kupakua. Kipande cha samaki kilichokatwa kikubwa kuliko ulichokipigia hesabu kinamaliza mchango bila mtu kuiba.

*Nauza soda na maji pia.* Viweke kama chakula cha tano chenye mchango wake, na uvihesabu kwa chupa. Usiviunganishe na sahani kwa kudhani kila mteja hunywa soda. Fungu lako sasa litakuwa la sahani na chupa, na idadi utakayopata itabidi uitenganishe kabla ya kusema “wateja wangapi”.

*Nina vyakula kumi na vitano.* Vikusanye katika makundi manne au matano ambayo mchango wake unakaribiana. Wali nyama na ugali nyama vinaweza kukaa pamoja kama tofauti ni shilingi mia. Usikusanye kwa jina, yaani “samaki wote”, wakati sangala na dagaa vinaacha viwango viwili tofauti kabisa.

*Sijaandika sahani, nina pesa za mauzo tu.* Kwa muda unaweza kutumia pesa. Katika mfano wetu fungu linauzwa 26,500 na kuacha 11,350, yaani karibu shilingi 43 katika kila 100. Gawa 1,500,000 kwa 11,350, zidisha kwa 26,500, upate karibu 3,502,000 za mauzo kwa mwezi. Mafungu kamili 133 yangekupa 3,524,500. Tofauti ni ile ya kupandisha juu tu. Lakini hiyo 43 nayo imetoka kwenye mgawanyo, na bila idadi ya sahani huna njia ya kujua kama bado ni kweli.

*Nirudie hesabu lini?* Kila wiki gawa jumla ya mchango kwa jumla ya sahani, uone kama bado uko karibu na 1,135. Ukishuka chini ya 1,100 wiki mbili mfululizo, usisubiri mwezi uishe. Angalia kama ni bei ya sokoni iliyopanda, ambapo unarudi hatua ya 1, au ni wateja waliohama kutoka migebuka kwenda chai, ambapo unarudi hatua ya 3.